Aende Salama, Lakini Aende Wapi? Hotuba Kuhusu Maneno ya Kuagana

Maneno haya niliyasema mbele ya wanachuo wa ualimu waliokuwa wakijiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao siku ile hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, ndugu zangu wanachuo, hamjambo?

Nashukuru kwa kunialika. Kesho alfajiri mnatawanyika. Wapo watakaokwenda Lushoto, wapo wa Handeni, wapo wa Pangani, na wapo waliopangiwa mbali zaidi ya huko. Usiku wa leo mabweni haya yatajaa maneno ya kuagana. Mtasema kwaheri, mtasema tutaonana, mtatakiwa mwende salama. Na wiki ijayo mtasimama mbele ya watoto, mtafungua kitabu cha Kiswahili, mtakuta maneno hayohayo yamepangwa mstari mmoja kama sahani kabatini, mtoto achukue yoyote.

Je, kweli mtoto achukue yoyote? Kwaheri na tutaonana ni kitu kimoja? Na aende salama nayo ni hiyohiyo? Nitegeeni masikio, nianze na kisa kilichotokea nyumbani kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita mjomba wangu anayeishi Nairobi alikuja Tanga kututembelea. Alikaa nasi wiki tatu. Siku ya kurudi aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akanywa chai, akatuaga mmoja mmoja, akaenda stendi kupanda basi la Mombasa. Mpango wake ulikuwa afike Mombasa mchana, apumzike kidogo, kisha apande basi la usiku la Nairobi. Dada yangu, kwa wema wake, akaona ni vizuri watoto wa mjomba wajue kwamba baba yao yuko njiani. Akachukua simu akaandika ujumbe. Mnakumbuka zama zile? Ujumbe mfupi ulikuwa na nafasi ya herufi 160, ukizidisha unalipia mara mbili. Kila mtu alikuwa anabana maneno. Dada naye akabana. Akaandika hivi:

"Mzee ameaga leo alfajiri. Aende salama."

Naona wengine mmeshika midomo. Wengine mnaniangalia tu, hamjaona tatizo. Hapo ndipo penyewe. Katika ukumbi huu mmoja, ujumbe mmoja, tayari tumegawanyika makundi mawili.

Kule Nairobi mtoto wa kwanza wa mjomba aliusoma ujumbe ule akiwa kazini, miguu ikamwishia nguvu, akakaa chini. Kwa Kiswahili alichokulia nacho, mtu akikwambia fulani ameaga, akanyamaza hapo, amekwambia fulani amefariki. Ni kifupi cha kuaga dunia, na kwao kifupi hicho ndicho kinachosemwa kila siku. Akampigia dada simu. Dada alikuwa ameshakwenda sokoni, simu ameiacha nyumbani. Akampigia baba yake. Mzee alikuwa ameshavuka mpaka pale Horohoro, laini yake ya Tanzania haipatikani. Simu ya marehemu haipatikani: nani angetilia shaka tena?

Kufika adhuhuri nyumba ya mjomba ilikuwa imejaa. Viti vimeazimwa kwa majirani. Wanawake wako jikoni. Daftari la michango limefunguliwa na majina yameanza kuandikwa. Ilipofika magharibi binamu yangu mmoja ndipo akanipata mimi kwenye simu. Hakunisalimu. Aliniuliza: "Mtamzika huko, au mtamleta?" Nikamuuliza: "Nani?" Akalia.

Nilimweleza kwamba mzee ameondoka na miguu yake na sasa hivi atakuwa Mombasa anasubiri basi. Baadhi walinisadiki, baadhi walidhani ninawatuliza. Hakuna aliyelala. Kesho yake asubuhi mjomba akabisha hodi mlangoni kwake akiwa na kikapu cha machungwa ya Muheza, akakuta watu wamejaa sebuleni na mkewe amejifunika kanga. Naambiwa mama yule hakusema neno kwa muda mrefu. Alimshika mumewe mkono, hakuuachia.

Dada yangu alilia zaidi ya wote. Aliniambia, "Kaka, nimekosea nini? Neno gani pale si Kiswahili?" Na ukweli ni kwamba kila neno lilikuwa Kiswahili. Basi kosa lilikuwa wapi?

Tuanze na ameaga. Kuaga ni kitenzi kinachopenda kuwa na mtu wa kuagwa. Unamuaga mama, unawaaga wageni, unakuja kuniaga. Ukimtaja anayeagwa, msikilizaji ametulia. Ukimwacha bila kutajwa, msikilizaji anamtafuta mwenyewe, na wengi walio kule humkuta upesi sana: dunia. Laiti dada angeandika "ametuaga". Silabi moja tu, ile -tu-, ingewaonesha kwamba kuna watu walioagwa na watu hao ni sisi wa Tanga.

Hapa niseme jambo dogo la tahajia, maana mtalisahihisha kwenye madaftari. Andikeni kumuaga, msiandike kumwaga. Kanuni ya sauti inavuta kwenye kumwaga, na wapo wanaoandika hivyo, lakini kumwaga tunalo tayari na ni la maji na mchele. Nimewahi kusoma tangazo la shule likisema wazazi waje "kumwaga mwalimu mkuu anayestaafu". Mzee wa watu hakustahili kuandikiwa hivyo.

Turudi kwenye ujumbe. Sehemu ya pili ilisema aende salama. Nani husemewa aende salama?

Tazameni kile kiambishi cha mwanzo. Ukiwa unazungumza na msafiri mwenyewe unasema uende salama, au nenda salama. Wakiwa wengi ni mwende salama, nendeni salama. Uende ni matakwa, nenda ni amri iliyolainishwa na salama. Kwa mkubwa wako mimi huchagua uende. Lakini aende ni ya mtu wa tatu. Ni neno la waliobaki wakisemezana juu ya aliyeondoka. Msafiri hayupo, ama yupo mbali asikokusikia, na dua yako unaituma imfuate nyuma.

Mfano wake mzuri kabisa niliupata utotoni. Jirani yetu alikuwa anahama. Alipita jioni kumuaga baba, akamkosa, baba yuko shamba. Baba aliporudi nikamwambia: "Baba, jirani alipita kukuaga, anaondoka kesho mapema." Baba akaweka jembe chini, akageukia upande wa nyumba ya yule jirani, akasema taratibu: "Aende salama." Kisha akaniambia, "Kimbia ukamwambie, baba amesema uende salama."

Mmesikia kilichotokea? Baba alianza na aende, kwa sababu alikuwa anazungumza nami. Neno liliposafiri kutoka kwangu hadi kwa mwenyewe, likageuka likawa uende. Nilikuwa na miaka saba hivi na sikuambiwa na mtu nigeuze. Mkitaka kuwafundisha watoto viambishi vya nafsi kwa namna ambayo hawataisahau, mpeni mtoto mmoja ujumbe huo aupeleke kwa mwenzake upande wa pili wa darasa, kisha kwa wenzake watatu. Aende, uende, waende, mwende. Somo limekwisha na chaki hamkuishika.

Sasa, mbona aende salama iliwaua matumaini watu wa Nairobi? Kwa sababu yupo mtu mmoja ambaye siku zote tunamsema kwa nafsi ya tatu na siku zote hatusikii, naye ni marehemu. Tunapomsindikiza tunasema apumzike, alale pema, aende salama. Na kitenzi chenyewe, kwenda, hakidai kutaja mwisho wa safari. Mtu anaweza kwenda bila kufika popote tunapopajua. Ukiweka ameaga isiyo na mtu na aende isiyo na mahali, ndani ya ujumbe mmoja, umeandika tangazo la msiba, hata kama moyoni ulikuwa unaandika habari za basi.

Ndiyo maana mimi, tangu siku ile, nikiandika juu ya msafiri ninaandika afike salama, na ninataja anakofika. Kufika kuna mlango, kuna mwenyeji, kuna saa. Ujumbe wa dada ungekuwa hivi: "Mzee ametuaga, amepanda basi la Mombasa. Afike salama Nairobi kesho." Niliuhesabu. Una herufi 68 pamoja na nafasi na alama. Haukufika hata nusu ya zile 160. Kubana kwetu maneno hakukuwa na haja.

Ndugu zangu, nimekaa sana kwenye kisa hicho kwa makusudi. Sasa twende kwenye neno ambalo kila mtu anadhani analijua: kwaheri.

Kwaheri ni maneno mawili yaliyoshikana, kwa na heri, na hata leo wapo wanaoyaandika mbalimbali. Heri imetoka kwenye Kiarabu, ni ileile ya heri ya mwaka mpya. Ukimwambia mtu kwaheri umemwambia tuachane kwa jambo jema. Neno halisemi nani anaondoka na nani anabaki. Wote wawili wanaweza kulisema na kulijibu. Halisemi kama mtakutana tena. Kwa hiyo linafaa karibu kila mahali. Na kwa sababu hiyohiyo, likiachwa peke yake, ni neno jembamba.

Wakiwa wengi ni kwaherini. Darasa zima likikwambia "Kwaheri mwalimu", limesema sawa, maana mwalimu ni mmoja. Wewe ukiwajibu "Kwaheri", umemuaga mtoto mmoja na wengine arobaini na nne umewaacha wamesimama.

Lakini je, kwaheri ni neno la kwanza la kuaga? Hapa nina kisa changu mwenyewe, na nakisema mbele yenu kwa sababu kilinifunza.

Nilipokuwa kijana nilikwenda kujitambulisha kwa baba wa mchumba wangu. Nilikaa vizuri, nikajibu maswali vizuri, nikala. Nilipoona giza linaingia nikasimama, nikasema, "Kwaheri, baba", nikampa mkono, nikatoka. Nilijiona nimefanya kila kitu sawasawa. Siku ya tatu mshenga akanijia. Mzee alikuwa amemwambia: "Yule kijana wako amenifungia mlango nikiwa ndani ya nyumba yangu."

Alimaanisha nini? Alimaanisha kwamba kwaheri ni neno la mwisho na mimi nililifanya la kwanza. Mgeni hajiondoi. Mgeni anaomba. Unaanza kwa kutulia kidogo, unasema, "Haya basi, mzee." Hiyo haya basi haina maana yoyote kwenye kamusi inayokusaidia hapo, lakini mwenyeji anaijua: mgeni anataka kuinuka. Kisha unasema, "Naomba kuaga," au "Naomba ruhusa." Mwenyeji atakwambia, "Mbona mapema?" Usikae tena! Wala usiseme kwamba umechoka. Unataja sababu moja fupi: giza, usafiri, watoto. Atakuruhusu. Atakupa salamu za nyumbani, nawe utajibu zitafika. Kisha atainuka akusindikize, na huko njiani ndiko mambo mengine muhimu yanakosemwa, yale yaliyoshindikana kusemwa sebuleni. Mwisho mtafika mahali ambapo miguu yake inageuka na yako inaendelea. Mahali hapo, na si kabla ya hapo, ndipo pa kwaheri.

Nilirudi kwa mzee yule wiki iliyofuata na mshenga wangu. Nikaaga kwa utaratibu. Alinisindikiza hadi kwenye mwembe, mbali kweli, akasimama akasema: "Kwaheri ya kuonana." Nikajibu, "Ya kuonana, baba." Nikajua nimesamehewa.

Kwa nini nilijua? Kwa sababu ya ule mkia. Kwaheri kavu hufunga. Kwaheri ya kuonana hufunga huku ikiacha mlango kidogo wazi. Jaribuni kusikiliza watu wakigombana: anayekasirika husema kwaheri, tena kwa sauti iliyokatwa ghafla, lakini sijawahi kumsikia mtu aliyekasirika akisema kwaheri ya kuonana. Mdomo wenyewe unakataa.

Na kuna jozi moja ambayo vitabu vingi vinaipita. Anayeondoka ana neno lake na anayebaki ana lake. Anayebaki husema nenda salama, safari njema, ufike salama. Anayeondoka husema baki salama, au kaa salama. Wakiwa wengi, bakini salama, kaeni salama. Mgeni anayetoka nje ya mlango akimwambia mwenyeji wake "Nenda salama", mwenyeji atabaki akijiuliza anapelekwa wapi. Wanafunzi wanaojifunza Kiswahili ukubwani hukosea hapa zaidi ya popote, kwa sababu wamefundishwa kwamba nenda salama maana yake ni kwaheri. Waulizeni swali moja tu: ni miguu ya nani inayotembea?

Karibu tena nalo ni la mwenyeji, nalo ni zuri, lakini lina mahali linapochoma. Muuguzi hamwambii anayeruhusiwa kutoka wodini karibu tena. Mfiwa hawaambii waliokuja kumpa pole karibuni tena. Husema asanteni kwa kuja, nao humwambia poleni, bakini na amani. Sitakaa hapo, mnanielewa.

Nije kwenye tutaonana.

Tutaonana haina heri ndani yake wala salama. Ina nini? Ina -ta-. Ni wakati ujao, tena wakati ujao usio na sharti. Ukisema tutaonana umetoa habari ya jambo litakalotokea. Ukiongeza siku, tutaonana kesho, umeweka miadi. Wengi hulisema kama vile ni kwaheri nyingine yenye uchangamfu zaidi. Mimi nililisema hivyo kwa miaka mingi, hadi siku moja.

Nilikuwa na rafiki, mwalimu mwenzangu, tumeanza kazi pamoja. Aliugua, akalazwa. Nilikwenda kumwona jioni moja, tukazungumza, alionekana ana nafuu, hata akaniuliza habari za darasa lake. Kengele ya kumaliza muda wa wageni ikalia. Nikainuka, nikamshika bega, nikasema, "Haya ndugu yangu, tutaonana kesho." Akatabasamu, akasema, "Kesho."

Kesho yake kulikuwa na kikao cha mitihani kikaenda hadi usiku. Keshokutwa nikaenda. Kitandani kwake nikamkuta mtu mwingine. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alinitazama, akaniuliza, "Wewe ndiye mwalimu?" Nikaitikia. Akasema, "Alikuwa anakuulizia jana. Kila mlango ukifunguliwa anageuka. Alisema, amesema kesho."

(Hapa nilinyamaza kidogo.)

Nisingeweza kumzuia kufa. Hilo nalijua. Lakini ningeweza kumpunguzia ile jana moja ya kugeuka kila mlango unapofunguliwa, na ningempunguzia kwa kuchagua neno.

Ningesema nini? Nimelifikiria sana. Ugua pole lipo, nalo ni la mgonjwa hasa, humtakia augue taratibu bila kuzidiwa. Lakini mgonjwa anataka kujua pia kama utarudi. Wazee wetu walikuwa na dawa ya ile -ta-, nayo ni -ki-: tukijaliwa tutaonana, Mungu akipenda tutaonana, na Waislamu husema inshallah. Sharti linatangulia, ahadi inafuata. Kwa mtu mzima wa afya anayesafiri, tukijaliwa tutaonana ni maneno timilifu kabisa.

Je, kwa mgonjwa mahututi? Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana ni herufi chache tu. Ukimwambia mgonjwa "tukijaliwa", umeweka shaka juu yenu wote wawili, na yeye mwenye ugonjwa atasikia shaka iliyo juu yake tu. Atajiuliza daktari amekwambia nini. Mwambie "nikijaliwa". "Nikijaliwa nitapita keshokutwa." Shaka yote umejitwisha wewe: wewe ndiye mwenye vikao, wewe ndiye mwenye usafiri wa mashaka. Yeye umemwacha hapo kitandani akiwa na uhakika wa kuwepo. Hukumdanganya, hukumfunga na siku usiyoiweza, na hukumtisha.

Ila msiifanye inshallah au tukijaliwa kuwa kifuniko cha sitakuja. Anayesema inshallah huku ameshaamua kutokuja anaichosha kauli ambayo wengine wanaitegemea.

Jambo jingine kuhusu tutaonana: kuonana ni kwa macho. Ile -an- inasema wewe unione nami nikuone. Mkizungumza kwa simu na hamtarajii kukutana, semeni tutaongea, au tutawasiliana. Vijana wanasema "baadaye", na sina ugomvi nalo baina ya marika. Mara nyingi ni kweli, watakutana jioni hiyohiyo. Usimwambie mzee. Na mkifundisha madarasa ya chini mtawasikia watoto wakiimba siku ya Ijumaa, "Kwaheri mwalimu, tutaonana kesho!" Waulizeni: kesho kuna shule? Watacheka, watarekebisha wenyewe, na tangu hapo watajua kwamba tutaonana lina kalenda ndani yake.

Buriani nitaligusa kidogo. Siku hizi linaandikwa kana kwamba ni kwaheri iliyovalishwa nguo za sherehe. Niliwahi kuona kadi ya mwalimu aliyestaafu imeandikwa "Tunakutakia buriani njema". Yule mwalimu aliisoma mara mbili, akaikunja. Buriani ni ya kuachana moja kwa moja au kwa muda mrefu usiojulikana mwisho, na ndani yake mna kuombana radhi. Bibi yangu, kabla hajakwenda kuhiji, alizunguka nyumba kwa nyumba akitaka buriani: kama nilikukosea, nisamehe, kama una deni kwangu, nimekusamehe. Alikwenda hata kwa mwanamke ambaye hawakuwa wakisemezana kwa miaka. Alirudi salama, na urafiki ule ulirudi pia. Hilo ndilo buriani. Anayestaafu na kuhamia mtaa wa pili mtakieni maisha mema.

Kuna kijana pale nyuma ameniletea kikaratasi kabla sijasimama, anauliza habari za alamsiki. Nimefurahi kwamba kuna anayeijua. Alamsiki ni ya kuagana usiku, ya watu wa pwani, na jibu lake ni binuru. Mtu akikwambia alamsiki usimjibu alamsiki. Kwenye nyumba za bara watu husema usiku mwema au lala salama. Hilo la mwisho ni la walio hai na wanaokwenda kulala. Ukiliandika chini ya picha ya mtu bila maelezo, rudini kwenye kisa cha mjomba.

Mjomba yu hai hadi leo. Kila akitoka Tanga, dada humpigia simu mtoto wake kabla basi halijaondoka, haandiki tena. Na mzee mwenyewe akishapanda hutoa kichwa dirishani akasema kwa sauti kubwa, stendi nzima isikie: "Naenda Nairobi! Niombeeni nifike!"

Muda wangu umekwisha, naona Mkuu wa Chuo anatazama saa. Basi, Mheshimiwa, haya basi, ndugu zangu. Naomba kuaga. Giza litanikuta njiani.

Mimi ndiye ninayeondoka. Ninyi bado mna chakula cha jioni. Bakini salama.

(Wengi waliitikia "Kwaheri, mwalimu." Binti mmoja wa mstari wa mbele akasimama akasema, "Ufike salama nyumbani, mwalimu." Yeye na wenzake wawili wakachukua mkoba wangu, wakanisindikiza hadi barabarani.)